Kipeo Hakihesabu Sifuri: Hotuba kuhusu Vipeo na Umbo Sanifu la Namba

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya mkutano wa walimu wa hisabati na wanafunzi wao. Nimeyaweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na hesabu zilizokuwa ubaoni nimeziingiza ndani ya maneno yenyewe.

Ndugu walimu wenzangu, wanafunzi wapendwa, mabibi na mabwana.

Nimesahihisha madaftari kwa miaka mingi, na katika mada ya vipeo nimekutana mara nyingi na jambo moja la ajabu. Mwanafunzi ameandika kanuni zote juu ya ukurasa, tena kwa mwandiko mzuri: ukizidisha, jumlisha vipeo, ukigawanya, toa vipeo, kipeo juu ya kipeo, zidisha. Hakuna aliposahau. Kisha chini ya kanuni hizo kuna maswali kumi, na sita kati yake yamekosewa. Nikimwita na kumuuliza, "Huyu 4 aliyekaa juu ya kumi anahesabu nini?", ananijibu bila kusita, "Anahesabu sifuri, mwalimu."

Je, anahesabu sifuri kweli? Swali hilo ndilo nililokuja nalo leo, kwa sababu makosa mengi ninayoyajua katika mada hii yanachipuka kutoka katika jibu hilo moja.

Tukubaliane kwanza juu ya majina. Katika 10⁴, ile kumi ni kizio na ile nne ni kipeo. Kipeo kinahesabu ni mara ngapi kizio kimezidishwa, basi. Namba iliyo katika umbo sanifu ina sehemu mbili: namba ya mbele, ambayo lazima ianzie 1 na isifike 10, na kumi yenye kipeo, ambacho ni namba kamili. Kwa hiyo 405,000 ni 4.05 × 10⁵. Angalieni vizuri: namba ile ina sifuri nne, tatu nyuma na moja katikati, lakini kipeo ni 5. Aliyehesabu sifuri za nyuma ataandika 10³, aliyehesabu zote ataandika 10⁴, na wote wawili wamekosa. Kipeo kinahesabu hatua, yaani ni mara ngapi 4.05 izidishwe kwa kumi hadi ifike pale tunapotaka.

Naomba niwarudishe nyuma kidogo, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, kwa Arkimede wa Sirakuza. Wagiriki wa wakati ule waliandika namba kwa herufi za alfabeti yao, na jina kubwa kabisa la namba walilokuwa nalo lilikuwa la elfu kumi. Arkimede alitaka kumwonyesha Mfalme Geloni kwamba idadi ya chembe za mchanga, hata kama mchanga huo ungejaza ulimwengu wote, inaweza kutajwa. Alifanyaje, wakati lugha yake ilikuwa inaishia kwenye elfu kumi?

Alichukua elfu kumi mara elfu kumi, yaani 10⁸, akaifanya kuwa kipimo kipya. Namba zote hadi hapo akaziita za daraja la kwanza. Kisha 10⁸ ikawa ndiyo moja ya daraja la pili, na 10⁸ mara 10⁸ ikawa moja ya daraja la tatu, akaendelea hivyo. Ukifika daraja la nane, moja yake imezidishwa kwa 10⁸ mara saba: (10⁸)⁷. Wanafunzi, hiyo ni ngapi? Ni makundi saba, kila kundi likiwa na hatua nane, kwa hiyo hatua 56, yaani 10⁵⁶. Mnaona kwa nini kipeo juu ya kipeo tunazidisha? Hakuna aliyetuamrisha, makundi saba ya nane ni 56 hata kwa mtoto anayehesabu kokoto.

Jibu lake la mwisho lilikuwa kwamba chembe hizo ni chache kuliko elfu ya elfu kumi za daraja la nane. Elfu ni hatua tatu, elfu kumi ni hatua nne, jumla hatua saba. Ongeza hatua 56 za daraja. Ni 10⁷ × 10⁵⁶ = 10⁶³. Hapa tumejumlisha, kwa sababu hatua saba zimefuatwa na hatua 56 katika safari moja. Kanuni mbili ambazo wanafunzi wetu huzichanganya kila siku zimekaa ndani ya jibu moja la mtu aliyeishi zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, tena kila moja ikiwa na sababu yake inayoonekana kwa macho.

Nina nyongeza ndogo hapa, nanyi mnivumilie. Arkimede alieleza kanuni ya kuzidisha kwa kutaja nafasi za namba katika mstari unaoanzia moja, na kwake moja ilikuwa nafasi ya kwanza. Kwa hiyo alipojumlisha nafasi mbili, ilimbidi atoe moja ndipo apate nafasi ya zao. Sisi hatuna haja ya kutoa chochote. Kwa nini? Kwa sababu sisi tumeipa moja nafasi ya sifuri: 10⁰ = 1. Wanafunzi wengi huliona jambo hilo kama mazingaombwe, wakidai kwamba kumi iliyozidishwa mara sifuri ingepaswa kuwa sifuri. Lakini mtu ambaye hajapiga hatua hata moja bado yuko pale alipoanzia, na katika kuzidisha mahali pa kuanzia ni moja.

Sasa tushuke ngazi. 10³ ni 1,000. Gawanya kwa kumi, kipeo kinashuka kimoja: 10² ni 100. Gawanya tena: 10¹ ni 10. Tena: 10⁰ ni 1. Je, tusimame hapo? Ngazi haijaisha. Gawanya tena: 10⁻¹ ni 0.1, na 10⁻² ni 0.01. Alama ya kutoa iliyo kwenye kipeo inasema kwamba hatua zinakwenda upande wa kugawanya. Haisemi kwamba namba ni hasi. Narudia: haisemi kwamba namba ni hasi. 10⁻² ni namba chanya, ndogo, iliyo juu ya sifuri. Nimewahi kumwona kijana akiandika kwamba 10⁻² ni −100, na kwenye swali lililofuata, ambalo lilihusu unene wa karatasi, akapata unene ulio chini ya sifuri, akaupigia mstari kama jibu lake la mwisho, kisha akageuza ukurasa.

Huku upande wa namba ndogo ndiko kuhesabu sifuri kunakoleta utata zaidi. Chukueni 0.00045. Mmoja atasema sifuri ni tatu, kwa kuwa anahesabu zile za baada ya nukta. Mwingine atasema ni nne, kwa kuwa ameihesabu na ile iliyo kabla ya nukta. Darasa langu moja liligawanyika kabisa juu ya jambo hili, na kila upande ulikuwa na uhakika. Nilimwita msichana mmoja ubaoni, nikamwomba asihesabu sifuri yoyote. Nikamwambia aweke kidole kwenye nukta, akisogeze hadi kipite 4, na kila anaporuka tarakimu moja aseme kwa sauti. Akaruka: moja, mbili, tatu, nne. Nukta ikakaa kati ya 4 na 5. Namba ya mbele ni 4.5, imezidishwa kwa kumi mara nne, na ili thamani isibadilike lazima tugawanye kwa kumi mara nne. Kwa hiyo ni 4.5 × 10⁻⁴. Ubishi uliishia kwenye kidole chake.

Maneno hayo, "ili thamani isibadilike", nayashikilia sana. Namba ya mbele na kipeo ni kama watoto wawili kwenye bembea ya ubao: mmoja akipanda, mwingine lazima ashuke. Ukiifanya namba ya mbele kuwa kubwa mara kumi, kipeo kipunguze kimoja. Ukiipunguza mara kumi, kipeo kiongeze kimoja. Ukisogeza kimoja bila kugusa kingine, umebadilisha namba, na umejibu swali ambalo hukuulizwa.

Mwaka 2004 watafiti wa vinasaba walichapisha onyo kuhusu jambo lililokuwa likitokea ndani ya majedwali ya kompyuta. Baadhi ya vinasaba vilikuwa na namba za utambulisho zenye herufi E katikati, na mojawapo ilikuwa hii:

```
2310009E13
```

Mtu akiitazama anaona jina tu. Programu ya majedwali iliisoma E kama "mara kumi kwa kipeo cha", ikaigeuza kuwa namba, na jina likapotea. Sasa tuifanye kuwa zoezi letu. Ikisomwa hivyo, hiyo ni 2310009 × 10¹³. Je, ipo katika umbo sanifu? Haipo, kwa sababu namba ya mbele imepita kumi, tena mbali sana. Sogezeni nukta hadi ikae baada ya 2. Mmeruka tarakimu sita, namba ya mbele imekuwa ndogo, 2.310009, basi kipeo kinapanda sita: 13 + 6 = 19. Ni 2.310009 × 10¹⁹. Jedwali linaloonyesha desimali mbili tu litakuandikia 2.31E+19, na hakuna tena njia ya kulikisia jina la awali kutoka kwenye kile kinachoonekana.

Kwa kuwa tumeitaja E, niseme kidogo kuhusu vikokotoo. Kitufe cha EXP tayari kina "mara kumi kwa kipeo cha" ndani yake. Anayebonyeza 5, kisha alama ya kuzidisha, kisha 10, kisha EXP, kisha 7, ameizidisha kumi mara moja zaidi, na jibu lake litakuwa 5 × 10⁸ badala ya 5 × 10⁷. Na anayeandika 6 × 10^8 ÷ 2 × 10^3 bila mabano atapata 3 × 10¹¹ badala ya 3 × 10⁵, kwa sababu mashine imegawanya kwa 2 peke yake, kisha ikaizidisha ile 10³ ambayo ilipaswa kugawanya. Mashine imefanya kile ilichoambiwa.

Turudi kwenye daftari. Kuna zoezi moja la kurahisisha ambalo napenda kulitoa kwa sababu linanionyesha haraka ni wapi mwanafunzi amekwama: (2x³y⁻²)³ ÷ 4x⁵y⁻⁷. Mtego wa kwanza uko kwenye 2. Kipeo cha nje ya mabano kinagusa kila kilichomo ndani, pamoja na hiyo 2, kwa hiyo inakuwa 8; haibaki 2, wala haiwi 6. Kisha x³ inakuwa x⁹, na y⁻² inakuwa y⁻⁶. Sasa tunagawanya: 8 kwa 4 ni 2, x⁹ kwa x⁵ ni x⁴. Na y je? Ni −6 toa −7. Hapa ndipo mikono hutetemeka. Kutoa −7 ni kuongeza 7, hivyo −6 + 7 = 1. Jibu ni 2x⁴y. Mwanafunzi aliyeandika y⁻¹³ anaijua kanuni ya kutoa vipeo vizuri kabisa. Kilichomponyoka ni kutoa namba hasi, jambo alilofundishwa madarasa kadhaa nyuma. Mwalimu akimrudishia kanuni za vipeo kwa mara ya tano, hamsaidii.

Kosa hilohilo linajitokeza kwenye umbo sanifu, na huko tuna bahati, kwa sababu namba zina maana na zinaweza kutupigia kelele. Unene wa unywele ni kama 8 × 10⁻⁵ za mita. Upana wa atomu ya haidrojeni ni kama 1 × 10⁻¹⁰ za mita. Atomu ngapi zikipangwa mstari zitafikia unene wa unywele? Tunagawanya: 8 kwa 1 ni 8, na −5 toa −10 ni 5. Ni 8 × 10⁵, yaani atomu laki nane. Aliyejumlisha vipeo kimakosa atapata 8 × 10⁻¹⁵. Muulizeni: hiyo ni idadi ya vitu, inawezaje kuwa ndogo kuliko moja? Je, unywele haufikii hata atomu moja? Ataicheka kazi yake mwenyewe na kuirekebisha bila kalamu nyekundu.

Nimezungumza juu ya kuzidisha na kugawanya. Kuna kujumlisha pia, na hapa naomba utulivu kidogo, kwa maana hapa ndipo hata wanafunzi wazuri huanguka. Tungamo la Dunia ni 5.97 × 10²⁴ kilogramu. Tungamo la Mwezi ni 7.35 × 10²² kilogramu. Vyote viwili pamoja ni kiasi gani? Kijana mmoja aliniletea 13.32 × 10⁴⁶. Alijumlisha za mbele, akajumlisha na vipeo. Ni rahisi kuona amefikaje huko: ameambiwa mara mia moja "jumlisha vipeo", na hajawahi kuambiwa kwa uzito uleule kwamba hiyo ni kazi ya kuzidisha peke yake.

Nilimwomba alilinganishe jibu lake na Jua. Jua lina tungamo la 1.99 × 10³⁰ kilogramu. Alipogawanya, akaona kwamba Dunia na Mwezi wake vimekuwa vizito kuliko Jua kwa zaidi ya mara 6 × 10¹⁶. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, nimejenga kitu kikubwa mno."

Njia sahihi ni ipi? Hatuwezi kujumlisha namba za mbele mpaka vipeo vifanane, kama vile ambavyo hatujumlishi mita na sentimita kabla ya kuzileta kwenye kipimo kimoja. Mwezi uko kwenye 10²². Tuupandishe hadi 10²⁴. Kipeo kimepanda mbili, basi namba ya mbele ishuke mara mia: 7.35 inakuwa 0.0735. Hiyo si umbo sanifu, najua, lakini umbo sanifu ni vazi la jibu, si lazima livaliwe wakati wa kazi. Sasa 5.97 + 0.0735 ni 6.0435. Jumla ni 6.0435 × 10²⁴, na kwa kuwa tungamo la Dunia tulipewa kwa desimali mbili tu, tunaandika 6.04 × 10²⁴. Angalieni jinsi Mwezi mzima ulivyoibadilisha ile 5.97 kwa kiasi kidogo tu. Vipeo vilipotofautiana kwa 2 tungeweza kulitarajia hilo kabla hata ya kuandika.

Nimalizie kwa tone la maji, kwa sababu ndani yake kubwa na ndogo zimekutana. Tuseme tone lina ujazo wa mililita 0.05, hivyo uzito wake ni gramu 0.05, au 5 × 10⁻². Gramu 18 za maji zina molekuli 6.02 × 10²³. Je, tone moja lina molekuli ngapi?

Kwanza tujue tone ni sehemu gani ya gramu 18. Ni 5 × 10⁻² gawanya kwa 1.8 × 10¹. Za mbele: 5 kwa 1.8 ni 2.78. Vipeo: −2 toa 1 ni −3. Tumepata 2.78 × 10⁻³. Sasa tuzidishe kwa 6.02 × 10²³. Za mbele: 2.78 mara 6.02 ni 16.7 hivi. Vipeo: −3 na 23 ni 20. Tuna 16.7 × 10²⁰, na bembea inatudai: 16.7 ishuke kuwa 1.67, kipeo kipande kuwa 21. Molekuli 1.67 × 10²¹.

Na molekuli moja ina gramu ngapi? Gawanyeni tone kwa idadi hiyo: 5 × 10⁻² kwa 1.67 × 10²¹. Za mbele ni 2.99, vipeo ni −2 toa 21, yaani −23. Gramu 2.99 × 10⁻²³. Tunaweza kuihakiki kwa njia ya pili kabisa, bila kuligusa tone: gramu 18 kwa 6.02 × 10²³ inatoa 2.99 × 10⁻²³ ileile. Njia mbili zikikutana mahali pamoja, mwanafunzi hana haja ya kufungua ukurasa wa majibu.

Mwisho kabisa, tuseme mtu ameamua kuzihesabu molekuli hizo moja moja, kila sekunde moja, bila kulala. Mwaka una sekunde 3.16 × 10⁷ hivi. Atahitaji 1.67 × 10²¹ gawanya kwa 3.16 × 10⁷. Za mbele zinatoa 0.528, vipeo vinatoa 14. Wanafunzi, namba ya mbele imekuwa ndogo kuliko moja, tufanyeje? Ipande iwe 5.28, kipeo kishuke kiwe 13. Ni miaka 5.28 × 10¹³. Umri wa ulimwengu unakadiriwa kuwa miaka 1.38 × 10¹⁰. Hiyo ya kugawanya nawaachia ninyi, na nitaanza kupokea majibu kutoka safu ya nyuma. Asanteni kwa kunisikiliza.